Eabadi ya kushoto haimalizi lisaa limoja, ya kulia inakwenda masaa matatu na zaidi, kuna la kufanya?

BintiMakorora
Habari zenu jamani. Mie ni fundi cherehani hapa Makorora, mikono yangu kutwa iko kwenye kitambaa, kwaiyo simu za wateja napokelea kwenye eabadi, hizi za kuchomeka masikioni zisizo na waya zenye kiboksi chake cha kuchajia. Ninazo mwezi wa 14 sasa. Zilivyokuwa mpya zote mbili zilikuwa zinakwenda karibu masaa 4. Saivi ya kushoto nikiitoa kwenye kiboksi haimalizi lisaa, inalia tit tit inazima, ya kulia bado inadunda tu masaa matatu na ushee. Juzi mteja ananitajia vipimo vya gauni la harusi, kifua, kiuno, kafika kwenye hipsi, ikakata. Nkampigia tena ananiambia dada mbona unanikatia simu. Nimeumia kwa kweli maana ile ni kazi yangu.

Nimempelekea fundi mmoja mjini akaitazama tu akasema hizi hazitengenezwi nunua nyingine. Sitaki kununua nyingine kama upande mmoja ni mzima kabisa. Kuna mtu imemtokea akapata suluhisho?

KakaWaPangani
Dada pole. Hilo dogo tu. Kwenye hizi eabadi kuna upande mmoja ni masta, huo ndo unaopokea mziki kutoka kwenye simu alafu unaurusha upande wa pili, kwaiyo masta anafanya kazi mara mbili na chaji yake inaisha kwanza. Yako masta ni kushoto. Fanya riseti, weka zote kwenye kiboksi, bonyeza kile kitufe sekunde 10 mpaka 15 mpaka taa iwakewake, kwenye simu futa jina lake la blutuu, alafu unganisha upya kwa kutoa ya KULIA kwanza. Masta atahamia kulia. Kwisha habari.

MzeeWaKange
Mie ya kwangu pia ni ya kushoto hiyohiyo. Sauti inatoka ndogo kama mtu anaongea ndani ya mtungi, kulia iko safi. Nimechaji usiku kucha haibadiliki. Naomba na mimi nisaidiwe nikiwa hapahapa.

BintiMakorora
@MzeeWaKange shikamoo mzee wangu, ya kwako naona ni sauti, yangu sauti ni nzuri mpaka dakika inayozima.

@KakaWaPangani asante kaka, riseti nimefanya jana usiku kama ulivyoeleza, leo asubuhi ya kushoto imezima kwa dakika 55. Ya kulia nimeiacha mpaka imekufa yenyewe, masaa 3 na dakika 20. Sijaona tofauti.

FundiWaChumbageni
Dada Binti, mie natengeneza simu na vitu vidogovidogo Chumbageni huku, hizi nazipokea sana. Usinunue bado na usimruhusu mtu aifungue bado. Kuna maswali nataka unijibu kwanza maana upande mmoja kuisha haraka kunakuja kwa njia tatu na kila moja ina dawa yake. Inawezekana haijai, yaani unaitoa kwenye kiboksi ukidhani imejaa kumbe imepata nusu. Inawezekana inajaa ila inafanya kazi nyingi kuliko mwenzake, hilo ndo la kaka wa Pangani. Au inajaa, kazi ni sawa, ila betri yenyewe imezeeka haibebi tena. Watu wengi wanarukia la tatu moja kwa moja na mafundi nao wanarukia hapohapo.

Niambie: simu zako unazipokelea upande gani? Ukiirudisha kwenye kiboksi, taa ya ile ya kushoto inawaka kama ya kulia? Na ukizitoa tu, simu yako inakuonesha asilimia ya kila upande au inaonesha namba moja kwa zote? Na ikizima, inashuka pole pole mpaka mwisho au inakata ghafla ukiwa bado unaona chaji ipo?

@MzeeWaKange shikamoo mzee. Ya kwako itazame kwenye kile kiwavu kidogo cha kutolea sauti, vua mpira uelekeze kwenye mwanga. Nta ya sikio ikiganda pale sauti inazibwa hivyohivyo unavyosema. Elekeza kiwavu chini, sugua pole pole na mswaki mkavu laini, usichokoe na sindano ukakitoboa.

BintiMakorora
Kaka fundi nimekuja na majibu. Simu napokelea kushoto peke yake siku zote, kulia naacha wazi ili nisikie mteja akiingia na nisikie cherehani. Nikirudi nyumbani jioni ndo nachomeka zote mbili nasikiliza mawaidha na tamthilia kama lisaa hivi nalala. Taa sikuwa naiangalia, leo nimeangalia, ya kushoto ikiingia inawaka mara moja inazima, ya kulia inabaki inawaka. Simu yangu inaandika `L 60% R 100%` nikizitoa tu. Na kuzima, inakata ghafla, mara nyingi nikiwa naongea, nikiangalia ilikuwa imeandika 40.

FundiWaChumbageni
Hapo umenipa karibu kila kitu. 60 kwa 100 wakati zimelala usiku kucha kwenye kiboksi kimoja maana yake ya kushoto haijai. Taa kuwaka na kuzima, kiboksi kimeigusa kikaipoteza. Lakini kule kukata ghafla kwenye 40 ukiwa unaongea ni dalili ya uzee pia. Kwaiyo naona una mambo mawili yamepandana na tukitibu moja bila kupima hatutojua jingine limebeba kiasi gani.

Fanya jaribio hili, litakula siku moja tu. Chaji zote usiku. Asubuhi toa ya kushoto PEKE YAKE, ya kulia iache ndani kifuniko kimefungwa. Weka kitu kirefu ambacho umeshakipakua kwenye simu, sauti ya kati, simu iwe mezani karibu yako, usipokee simu humo. Andika saa ulioanza na saa iliyozima. Alafu irudishe, toa ya kulia peke yake, kitu kilekile, sauti ileile.

Kwa nini peke yake? Ikiwa peke yake hakuna masta wala mtumwa, haina wa kumrushia. Kama tofauti ni ya masta, itapotea hapo, pande zote zitakwenda karibu sawa. Kama tofauti inabaki vilevile, basi la masta silo, tunabaki na kutojaa na uzee.

KakaWaPangani
Fundi na mimi nimekaa na hizi vitu miaka, masta anakula chaji zaidi hilo halina ubishi.

FundiWaChumbageni
Sibishi kaka, upo sahihi kwa hizi za zamani na za bei ya chini. Anachokula masta zaidi kwa nilizozipima mimi ni robo saa, nusu saa, ikizidi sana dakika arobaini kwenye eabadi ya masaa manne. Hailetwi na masta tofauti ya dakika 55 kwa masaa matatu na dakika 20. Na zipo za siku hizi ambazo hazirushiani hivyo, kila upande unachukua wenyewe kutoka kwenye simu, nyingine zinapokezana umasta yenyewe chaji ya mmoja ikipungua. Ndo maana riseti kwa dada haikubadili kitu.

SautiYaNgamiani
Mie yangu ilikuwa hivihivi na ilinitesa wiki mbili. Kumbe nilibadilisha mpira wa kushoto nikaweka mkubwa maana sikio langu la kushoto lina tundu kubwa ilikuwa inadondoka nikiwa kwenye baiskeli. Mpira mkubwa ukiingia kwenye shimo lake unaisukuma eabadi juu kidogo tu, kifuniko kinafunga vizuri huoni kitu, lakini miguu ya chaji haigusi sawasawa. Tena mbaya zaidi ilikuwa haizimi, inabaki imeunganika na simu humohumo ndani ya kiboksi usiku kucha, inakula chaji badala ya kupata. Nilijua siku mtu amenipigia nikapokea simsikii, sauti inatokea ndani ya kiboksi juu ya meza. Nikarudisha mpira wa kati ikapona siku ileile. Dada angalia mipira yako kama ni saizi moja.

BintiMakorora
Mipira ni ileile iliyokuja nayo, sijabadilisha. Ila nimejifunza.

Majibu ya jaribio. Kushoto peke yake dakika 58. Kulia peke yake masaa 3 na dakika 25.

FundiWaChumbageni
Safi sana. Ukiwa nazo zote mbili ilikuwa 55 kwa 3:20, peke yake 58 kwa 3:25. Tofauti imebaki vilevile, kwaiyo masta tumemtoa kwenye orodha.

Sasa twende kwenye kujaa. Fungua kiboksi, chungulia kwenye shimo la kushoto chini kabisa, utaona vipini viwili vya rangi ya dhahabu. Kwenye eabadi yenyewe kuna vidoa viwili vinavyokutana navyo. Tumia tochi ya simu uniambie rangi yake ukilinganisha na upande wa kulia. Alafu chukua kijiti cha meno cha MTI, bonyeza kila kipini pole pole, kinatakiwa kizame kidogo kirudi juu chenyewe kwa sababu ndani kina springi.

BintiMakorora
Nimepiga picha nikaikuza. Kulia vyote vinang'aa. Kushoto kimoja kina kitu cha kijani kibichi pembeni na kingine kina weusi. Na kile chenye kijani nikikibonyeza kinazama hakirudi mpaka nikisubiri. Kwenye eabadi yenyewe kuna utando kama mafuta.

FundiWaChumbageni
Basi ndo hapo. Kile kijani ni kutu ya shaba. Ile dhahabu ni utando mwembamba tu juu, ukichubuka jasho na chumvi vinaingia kwenye shaba ya chini. Sisi watu wa pwani hili tunalo kuliko wa bara, hewa yenyewe ina chumvi, na wewe unaivaa kutwa kwenye joto unatoa jasho alafu unairudisha kwenye shimo ikiwa mbichi unafunga kifuniko. Umeme wa kuchajia hii kitu ni mdogo sana kwaiyo uchafu kidogo tu unatosha kuuzuia. Kiboksi kikiona umeme hauendi kinadhani eabadi imeshajaa au haipo, kinakata. Ndo ile taa inayowaka na kuzima.

Namna ya kusafisha. Nunua spiriti duka la dawa na vijiti vya pamba. Chovya kijiti, kikamue kwanza kisidondoshe, sugua vidoa vya eabadi mpaka pamba itoke nyeupe. Kwenye shimo pamba ni nene, kwaiyo zungushia nyuzi kidogo za pamba kwenye ncha ya kijiti cha meno, chovya, sugua kila kipini kwa kuzungusha. Kile kinachokwama weka tone moja pembeni yake ukibonyeze na kukiachia mara 20 au 30 mpaka kirudi chenyewe haraka. Acha kifuniko wazi dakika 15 ikauke kabisa ndo urudishe.

Usitumie maji. Usitumie sindano au pini ya cherehani najua unazo nyingi hapo, ukigusa vipini viwili kwa pamoja na chuma utaunganisha chanya na hasi ukichome kiboksi. Na usipige msasa, watu wanapiga msasa inang'aa siku mbili alafu kutu inarudi mbio kuliko mwanzo kwa sababu wameondoa ile dhahabu iliyobaki.

DadaRaskazone
Naomba kuuliza, mbona mimi natumia perfyumu kusafishia? Nayo si ina spiriti?

FundiWaChumbageni
Ina spiriti na ina mafuta ya harufu dada, spiriti inaruka mafuta yanabaki palepale kwenye kipini. Acha.

MzeeWaKange
Marahaba fundi na wewe binti. Nimefanya ya mswaki, limetoka dongo la njano jamani sikuamini. Sauti imerudi. Nilikuwa naiweka sauti mpaka mwisho kabisa ili kushoto nisikie, na chaji nayo nilikuwa naona inaisha haraka nikadhani betri, sasa naweka nusu. Allah akulipe kheri.

BintiMakorora
Jamani nimesafisha jana. Pamba ilitoka nyeusi na kijani. Nimeirudisha taa ikawaka ikabaki inawaka, nimefurahi! Asubuhi simu ikaandika `L 100% R 100%`, sijaona hiyo kitu miezi mingi.

Nkarudia jaribio lilelile. Kushoto peke yake lisaa limoja na dakika 50. Leo tena nimerudia, lisaa na dakika 45. Kulia masaa 3 na dakika 25 haijabadilika. Kwaiyo imepanda karibu mara mbili ila bado haimfikii mwenzake. Na nikiwa naongea na simu inakwenda kama lisaa na dakika 10, na bado inakata ghafla ikiwa kwenye 30 na kitu.

FundiWaChumbageni
Hicho ulichokipata ndo kilikuwa cha uchafu. Kilichobaki sasa hivi, ikiwa imejaa mia na bado inakwenda nusu ya mwenzake, hicho ni cha betri yenyewe na hakuna spiriti wala riseti itakirudisha.

Tuhesabu pamoja uone. Wewe ya kushoto unaiishiza mara ngapi kwa siku?

BintiMakorora
Zamani ilipokuwa nzima naichaji mchana nikila, alafu jioni. Tuseme mara mbili. Jumapili nafunga.

FundiWaChumbageni
Mara 2 kwa siku 6 ni mara 12 kwa wiki. Miezi 14 ni kama wiki 60. Kwaiyo ya kushoto imeshajaa na kuisha kama mara 720. Ya kulia unaitumia lisaa la jioni tu, hiyo ni robo ya chaji kwa siku, kwa wiki haizidi mara 2 kamili, kwa muda wote kama mara 120. Betri hizi ndogo za lithiamu kwa kawaida zinatengenezwa zivumilie mara 300 mpaka 500 zikiwa bado zimebaki na asilimia 80 ya uwezo wake, baada ya hapo zinaendelea kushuka. Eabadi zako ni mapacha kwa kuzaliwa lakini moja imeishi maisha ya mara sita ya mwenzake. Haikuwa na kasoro, imetumika tu.

Na kukata kwenye 30 au 40 ni hivi. Betri ikizeeka inapungua nafasi ya kubeba chaji, tena inakuwa nzito kutoa umeme kwa ghafla. Ukisikiliza tu inatoa pole pole, ukianza kuongea maiki inafanya kazi na inarusha sauti yako kwenda kwenye simu, inataka umeme mwingi zaidi, volti inaanguka chini ya kiwango, chipu inazima ili betri isiumie. Ile asilimia kwenye simu inakadiriwa kwa volti, na wakati inapima haujaanza kuongea. Ni kama tochi ya betri kuukuu, ukiwasha inang'aa kidogo inafifia, ukizima ukapumzisha inawaka tena.

Joto nalo. Kiboksi unakiweka wapi ukiwa kazini?

BintiMakorora
Dirishani, karibu na meza ya pasi. Kumbe?

FundiWaChumbageni
Kitoe hapo leo. Kuchaji kwenye joto kunaizeesha betri upesi sana. Kiweke kwenye droo.

KakaWaPangani
Na asiiache kwenye kiboksi muda wote, ikijaa atoe, kuchaji kupita kiasi ndo kunaua.

FundiWaChumbageni
Kaka kiboksi kinakata chenyewe ikijaa, hakichaji kupita. Ila ni kweli kukaa mia kwa mia muda mrefu hasa kwenye joto kunaichosha kidogo. Lakini akiitoa nje inabaki imewaka inatafuta simu, inaisha, inachajiwa tena, umeongeza mzunguko. Mie naona ikae ndani.

KakaWaPangani
Hapo sijakubali, yangu nikiitoa inazima yenyewe baada ya dakika 5.

FundiWaChumbageni
Kama yako inazima yenyewe sawa, hapo hasara ni ndogo kwa vyovyote. Tusimchanganye dada.

BintiMakorora
Sasa kaka fundi betri inabadilishwa au ndo basi? Niseme ukweli nikibaki na lisaa na dakika 10 ya kuongea kwa siku ya kazi haitoshi.

FundiWaChumbageni
Inabadilishwa, ila nikwambie yote kabla hujaamua. Ya kwako ni zile za kitumbo cha duara au zile zenye mkia?

BintiMakorora
Kitumbo cha duara, haina mkia.

FundiWaChumbageni
Afadhali. Zenye mkia mara nyingi betri ni kijiti chembamba ndani ya ule mkia au imebanwa na gundi kwenye shingo, nyingi nazivunja nikizifungua na siku hizi nazikataa. Za kitumbo mara nyingi ndani kuna betri ya duara kama kifungo, imeandikwa namba ubavuni. Mfano 1254, hapo 12 ni upana milimita 12 na 54 ni unene milimita 5.4. Ikiwa 1054 upana ni 10. Lazima upate saizi ileile, ikizidi nusu milimita ganda halifungi.

Ganda linafunguliwa kwa kulipasha joto kidogo alafu unapitisha kadi ya plastiki nyembamba kwenye mshono, sio kisu, kisu kikizama kinagusa betri. Betri mpya iwe imeshachomelewa vibati vyake kiwandani, risasi nachomea kwenye vibati, sichomei juu ya betri yenyewe maana joto linaharibu mpira wa kuzibia wa ndani inavuja au inavimba. Na kuna mambo mawili mafundi wengi wanayakosea. La kwanza, betri za saa zinafanana nazo kwa umbo, zile haziruhusiwi kuchajiwa kabisa, ukiziweka zinaweza kupasuka, na hii kitu iko ndani ya sikio la mtu. La pili, betri hizi ni za aina mbili, kuna zilizoandikwa 3.7 V zinazojaa kwenye volti 4.2, na kuna zilizoandikwa 3.85 V zinazojaa juu ya hapo, 4.35 au 4.4. Ukiweka ya 3.7 kwenye eabadi iliyozaliwa na ya 3.85, inajazwa kupita uwezo wake kila siku. Kwaiyo siagizi betri mpaka nimefungua nikasoma maandishi ya ile ya zamani.

Ubaya wake: mshono ukishafunguliwa haurudi kuzuia jasho kama wa kiwandani hata niweke gundi gani. Na katika kufungua naweza kukata waya mwembamba, imeshanitokea. Ndo maana nasema uamue wewe.

SautiYaNgamiani
Au anunue upande mmoja tu? Kuna watu wanauza kipande kimojakimoja mtandaoni. Mie nilinunua kulia iliyopotea, bahati mbaya ilikataa kuungana na ya zamani, kila moja inajitokeza kwenye simu kwa jina lake, nikiunganisha huku, kule kunakata. Muuzaji alisema modeli ni ileile. Sijui nilikosea wapi.

FundiWaChumbageni
Modeli inaweza kuwa ileile jina ila toleo la programu ya ndani ni tofauti, au iliwahi kufungwa na pacha mwingine na haijasahaulishwa. Ulizifuta zote mbili kwenye simu, ukaziweka pamoja kwenye kiboksi kimoja ukabonyeza kitufe kwa muda mrefu?

SautiYaNgamiani
Nilifanya hivyo mara kibao. Haikukubali. Niliishia kutumia moja.

FundiWaChumbageni
Hapo sina jibu kaka bila kuishika mkononi.

Dada Binti, kwako kuna njia ya katikati pia. Sogeza kazi. Simu za asubuhi pokelea KULIA, ina masaa matatu na ni nzima, ya kushoto iwe ya akiba wakati kulia inachaji. Kulia ikiingia kwenye kiboksi nusu saa ukiwa unakula, inarudi na chaji ya kumaliza siku. Shida ni hiyo ya kusikia mlangoni, utabadilisha sikio tu. Ila ujue kuanzia hapo kulia nayo inaanza kuhesabu mizunguko.

BintiMakorora
Nimejaribu siku tatu hivyo. Siku ya kwanza nilikuwa napotea, nimezoea sikio la kushoto, ila leo imekwenda vizuri, nimeongea na wateja tisa hakuna hata mmoja aliyekatika. Kiboksi kiko kwenye droo ya nyuzi. Kila Jumapili nitasafisha vipini na spiriti. Jioni ya kushoto nikiivua naifuta jasho na kitambaa kikavu kabla ya kuirudisha, nimeona ule utando wa mafuta unarudi ndani ya siku mbili tu nisipofuta.

Kuhusu betri nimeamua nije nayo Chumbageni mwisho wa mwezi, nikilipwa la harusi. Ufungue usome hayo maandishi, ikiwa betri yake haipatikani uifunge tu basi. Nikubali hata ikifa maana upande ule kwa kuongea ndo umeshafika mwisho.

FundiWaChumbageni
Karibu dada. Ije ikiwa chaji imeisha au iko chini kabisa, kufungua betri iliyojaa ni hatari zaidi ikiguswa vibaya. Na uje na kiboksi, wengi wananiletea kipande kimoja mfukoni nashindwa kupima kama inachaji.

KakaWaPangani
Nimerudi. Nimefanya lile jaribio la fundi kwenye zangu maana na mimi kushoto huwa inatangulia kuzima. Peke yake kushoto masaa 3 na dakika 40, kulia masaa 3 na dakika 35. Zote mbili kwa pamoja, kushoto masaa 2 na dakika 50, kulia masaa 3 na nusu. Nkafanya riseti nikatoa ya kulia kwanza, leo kulia ndo imezima kwanza, masaa 2 na dakika 55. Kwaiyo yangu ni masta kweli, ya dada haikuwa masta. Sasa naitoa ya kulia kwanza wiki moja, ya kushoto wiki nyingine. Fundi, hiyo ya kubadilishana itasaidia zizeeke sawa au najisumbua?

FundiWaChumbageni
Itasaidia kwa zako kaka. Ila angalia, nyingine zinakumbuka masta wa mwisho hata utoe ipi kwanza, kwaiyo usiamini mkono, andika ni ipi imezima kwanza kila wiki.